Lachi inayosahau: kwa nini saa ya dainamiki haishuki chini ya kiwango

“Nimeweka kitufe badala ya saa, ile inayotoa mapigo ya umeme, kwenye bodi yangu ya prosesa ya 8086 ili niione ikitekeleza amri hatua kwa hatua, lakini inapotea kila mara. Nilidhani kwenda polepole ndiko salama. Kwa nini waliotengeneza walikubali lachi inayosahau, wakati zipo zisizosahau?”

Swali hili liliulizwa na kijana wa Iringa anayejifunza mwenyewe, na ndani yake mna mashtaka ambayo nimeyasikia pia hapa Mbeya kwa mafundi wenye uzoefu, kwamba lachi dainamiki, saketi ndogo inayoshika biti moja kati ya pigo na pigo la saa, ni kazi ya ubahili, iliyobana transista hadi ikashindwa kushika kitu. Mashtaka hayo yana ukweli ndani yake, nami nitaupa nafasi yake. Lakini kwanza yafaa kutazama kinachotokea ndani ya nodi moja, yaani sehemu ya saketi inayobeba biti, kwa sababu wengi hulaumu lachi hii bila kujua imeahidi nini na haikuahidi nini.

Lachi dainamiki ya zama za 8086, iliyotoka mwaka 1978, ni transista moja inayofanya kazi ya swichi, ikifuatiwa na kigeuzi. (Kigeuzi hapa ni saketi inayogeuza 1 kuwa 0 na 0 kuwa 1. Hakihusiani na inveta ya sola.) Saa inapopanda, swichi hufunguka kama mlango na chaji huingia kwenye geti la kigeuzi; saa inaposhuka, mlango hufungwa na chaji hubaki imenaswa. Hakuna kinachoishikilia zaidi ya kapasitansi ndogo ya geti lenyewe na ya waya mfupi ulioliunganisha. Biti nzima ni chaji hiyo.

Mlango huo haufungi kabisa. Transista iliyozimwa hupitisha mkondo mdogo sana, na upande wa swichi uliounganishwa na nodi ni dayodi iliyogeuzwa kinyume juu ya silikoni ya chini, nayo huvuja. Katika saketi za aina ya 8086 uvujaji wa dayodi huelekea chini, kwa hiyo 1 huporomoka polepole kuelekea sifuri ilhali 0 hukaa ilivyo. Katika transista za kisasa zenye kuta nyembamba za geti, elektroni huweza hata kupenya ukuta huo.

Tufanye hesabu kwa namba nilizozichagua ili njia ionekane. Nodi ina kapasitansi ya pikofaradi 0.05, na 1 iliyoandikwa humo inaweza kupungua volti 1.5 kabla kigeuzi hakijaanza kuisoma vibaya. Chaji inayoruhusiwa kupotea ni 0.05 mara 1.5, yaani pikokulombu 0.075, ambazo ni elektroni kama laki nne na sabini elfu. Ikiwa uvujaji kwenye nyuzi joto 25 ni pikoampia 10, muda wa kushika ni:

```
t = C × ΔV / I = 0.075 pC / 10 pA = 7.5 ms
```

Milisekunde saba na nusu. Kidole kinachobonyeza kitufe mara moja kwa sekunde kimechelewa zaidi ya mara mia, na kijana wetu amekwisha kupata jibu la nusu ya kwanza ya swali lake. Kila pigo la saa halisogezi kazi mbele tu, bali pia hujaza upya kila nodi kabla haijamwagika, na saa ikisimama hakuna anayejaza.

Ninapopenda kukaa zaidi ni kwenye joto, kwa kuwa hapo ndipo watu wa nyanda zetu hudanganyika kwa urahisi. Uvujaji wa dayodi huongezeka takribani mara mbili kwa kila nyuzi joto kumi, na joto linalohusika si la chumba bali la silikoni yenyewe, ambayo katika 8086 ya zamani hula zaidi ya wati moja na kujipasha moto. Tuseme silikoni inapanda nyuzi 50 juu ya hewa inayoizunguka. Asubuhi ya Julai hapa Mbeya chumba kina nyuzi 15, hivyo silikoni itafika 65. Hiyo ni nyuzi 40 juu ya hesabu yetu ya mwanzo, uvujaji umekuwa mara 16, na muda wa kushika umebaki milisekunde 0.47. Chukua bodi hiyo hiyo, panda basi ushuke hadi Kyela ambako chumba kina nyuzi 33: silikoni inafika 83, uvujaji unakuwa kama mara 56, na muda unabaki milisekunde 0.13. Sasa weka saa ya kilohazi 2, ambayo nusu ya pigo lake ni milisekunde 0.25. Mbeya bodi itafanya kazi vizuri na fundi ataapa kwamba kitabu cha maelezo ya chipu kimekosea. Kyela haitamaliza hata sehemu ya kwanza ya programu. Hata Mbeya kwenyewe, ukiipunguza saa hadi kilohazi 1, bodi itawaka vizuri ikiwa baridi na kupotea baada ya dakika chache za kujipasha, na mtu atatafuta kosa kwenye programu siku nzima.

Kwa hiyo kitabu cha 8086 kinaposema kwamba pigo moja la saa lisizidi nanosekunde 500, yaani saa isishuke chini ya megahazi 2, namba hiyo haielezi nodi ya kawaida kama ile tuliyoihesabu. Inaielezea nodi mbaya kuliko zote, katika chipu yenye transista 29,000, ikiwa kwenye joto la juu kabisa linaloruhusiwa. Tuseme kati ya nodi hizo moja ina kasoro ndogo inayoifanya ivuje mara mia kuliko wenzake: muda wake kwenye nyuzi 85 ni mikrosekunde 1.2 tu, na bado chipu hiyo imo ndani ya ahadi ya kitabu. Chipu nyingi zitaenda polepole zaidi ya hapo bila tatizo, lakini huwezi kujua kwa kuitazama kama yako ni mojawapo.

Wanaotetea lachi tuli wana hoja nzito. Lachi tuli ina kigeuzi cha pili kinachorudisha jibu nyuma na kuijaza nodi kila inapopungua, hivyo hushika biti muda wote umeme ukiwapo. Prosesa ya RCA 1802 ilijengwa hivyo katika miaka ya 1970 na saa yake iliweza kusimamishwa. 80C86, ndugu wa chipu ya kijana wetu aliyejengwa kwa CMOS, yaani kwa transista za aina mbili zinazowaka kwa kupokezana, nayo hukubali saa kuanzia sifuri. Kwa mwanafunzi anayetaka kuona hatua moja moja, au kifaa cha betri kinacholala muda mwingi, hakuna cha kubishania.

Lakini tazama gharama. Katika CMOS, lachi dainamiki ya kawaida ina transista nne, na lachi tuli iliyojengwa vizuri ina nane. Prosesa ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista kama 2,300 kwa jumla, na ukizidisha lachi zake mara mbili huna tena chipu inayoingia kwenye silikoni ya wakati ule kwa bei inayouzika. Wala haikuwa suala la nafasi tu. Kigeuzi cha kurudisha ni mzigo ambao data mpya lazima iusukume, na mzigo huo unakula muda katika kila hatua. Ndiyo maana prosesa ya Alpha 21064 ya mwaka 1992, iliyokimbia megahazi 200 wakati nyingi zikiwa mbali nyuma, ilijengwa kwa lachi dainamiki ingawa transista hazikuwa adimu tena: wahandisi wale walikuwa na zaidi ya milioni moja na nusu. Waliuza uwezo wa kusimama, ambao mashine yao haikuuhitaji, wakanunua kasi. Sioni ubahili hapo.

Hoja ya kuokoa umeme nayo ina upande usiotajwa. Watu hudhani kwamba kusimamisha saa hupunguza matumizi katika saketi yoyote ya CMOS. Katika lachi tuli ni kweli. Katika lachi dainamiki, nodi iliyoachwa huteremka hadi katikati ya volti, na kigeuzi kinachosomeshwa volti ya katikati huwasha transista zake zote mbili kwa pamoja na kupitisha mkondo moja kwa moja kutoka juu hadi chini. Saa imesimama, na ampia zinapanda. Hii ni dalili nzuri ya utambuzi, kwa sababu inaonekana kwenye waya wa umeme bila kugusa nodi yenyewe.

Kugusa nodi ni mtego wa pili. Anayetaka kuuona uvujaji kwa macho anaweza kujenga lachi kubwa mezani kwa swichi ya CD4066, kapasita ya pikofaradi 100 na kigeuzi cha CD4069, kisha aweke taa ya LED kwenye tokeo kupitia transista. Kwa uvujaji wa pikoampia 100 na umeme wa volti 5, taa itashika sekunde kama mbili na nusu kabla haijageuka. Akiweka mita kwenye kapasita ili aone volti zikishuka, mita ya kawaida yenye megaomu 10 itamwaga yenyewe nusu ya chaji kwa chini ya milisekunde moja na taa itageuka, naye ataondoka akiamini kwamba lachi ni mbovu. Taa isomwe kwenye tokeo, kapasita iachwe peke yake. Akipuliza hewa ya moto kwa mashine ya kukaushia nywele, ataona sekunde zile zikipungua, na hapo atajua kwamba anachokitazama ni uvujaji wala si waya uliolegea, maana waya uliolegea hauponi ukipoa na haujali kama biti ni 1 au 0.

Kwa bodi ya Iringa, basi, kitufe kisiguse saa. Kristali inayoingia kwenye 8284, chipu inayoitengenezea 8086 saa yake, hugawanywa kwa tatu, kwa hiyo ya megahazi 15 huipa 8086 megahazi 5, na hata ya 6 inaiacha kwenye megahazi 2 kamili bila nafasi ya kukosea. Kitufe kihamishiwe kwenye mstari wa READY, ambao huiambia chipu isubiri au iendelee: ukishikwa chini, chipu hukaa katikati ya kusoma au kuandika kumbukumbu kwa muda wowote utakao, anwani zikionekana kwenye taa kupitia lachi za nje za bodi, huku saa ikiendelea kupiga ndani na kujaza nodi zote.