Draiva inarudishika, BIOS huenda isirudishike

Kwenye laptopu, wanaosema "sasisha kila kitu" na wanaosema "kinachofanya kazi usikiguse" wote wana hoja, ila mara nyingi kila upande unazungumzia kitu chake. Draiva, programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa fulani, hukaa ndani ya Windows. Ya waifai ikileta balaa, unafungua Device Manager, unaingia Properties za kifaa hicho, unabonyeza Roll Back Driver, na mara nyingi unarudi ulikokuwa. BIOS ni fimwea, yaani programu ya kuwashia laptopu iliyoandikwa kwenye chipu ya ubao mama. Umeme ukikatika inapoandikwa, laptopu inaweza isiwake tena. Na kwenye laptopu nyingi kurudi toleo la zamani kumezuiwa, ili tundu la usalama lililozibwa lisifunguliwe upya.

Hata hivyo, kuiacha BIOS miaka yote nako kuna gharama. Desemba 2023 yalitangazwa matundu ya LogoFAIL, yaliyokuwa kwenye msimbo unaosoma picha ya nembo laptopu inapowaka. Hapo Windows haijaanza, kwa hiyo programu ya kuzuia virusi haizibi kitu. Dawa ilikuwa fimwea mpya.

Mimi huamua kwa kusoma maelezo ya toleo. Tuseme programu ya Windows iitwayo `msinfo32` inaonyesha BIOS 1.08, na mtengenezaji ametoa 1.12. Nasoma yote kuanzia 1.09. Yakitaja usalama, au hitilafu ninayoiona kwangu, kama laptopu kugoma kuamka baada ya kulala, nasasisha. Yakitaja tu lugha mpya ya menyu, naiacha.

Kinachowanasa wengi si umeme, ni BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa ufunguo. Ufunguo wa diski hutunzwa na chipu ya TPM, ambayo huutoa pale tu vipimo vya uwashaji vinapolingana na vya awali. BIOS ikibadilika, vipimo navyo hubadilika, na unaweza kukutana na skrini ya bluu ikidai tarakimu 48. Wengine hata hawajui diski yao imefungwa, maana Windows huweza kuifunga yenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft. Basi kwanza, kwenye Command Prompt ya msimamizi:

```
manage-bde -status C:
manage-bde -protectors -get C:
manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0
```

Amri ya kwanza huonyesha kama diski imefungwa, ya pili huonyesha tarakimu hizo. Ziandike kwenye karatasi. Ukizihifadhi ndani ya laptopu hiyohiyo umejifungia ufunguo ndani. Ya tatu husimamisha ulinzi hadi uurudishe mwenyewe, kwa kuwa usasishaji mwingine huwasha mashine upya zaidi ya mara moja.

Chomeka chaja, na betri nayo iwe na chaji. Skrini inaweza kuwa nyeusi dakika kadhaa huku feni ikivuma. Usiguse kitufe cha kuzimia. Ukisharudi Windows, hakikisha `msinfo32` inasoma 1.12, kisha:

```
manage-bde -protectors -enable C:
```

Zile programu zinazojigamba kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja siziweki kabisa. Zinaweza kukupa draiva ya kifaa kinachofanana na chako, si chako.