Panya, povu la njano na mama mkwe

Aliyeandika kwenye grupu kwamba nilipanda juu ya meza nikimwita mama yangu ni mwongo. Nilipanda kiti. Na niliyemwita ni mama mkwe, maana ndiye aliyekuwa karibu.

Nyumba yetu ya Himbi, hapa Goma, ni ya mbao juu ya msingi wa mawe ya volkano, mnaijua. Bomba la sinki linatoka nje kwenye tundu ambalo kidole gumba kinaingia. Kwa panya hilo ni lango: nafasi ya kama sentimita 2 inamtosha, kichwa kikipita mwili unafuata. Jumamosi jioni nikanunua lile povu la kopo, nikapuliza kuzunguka bomba, nikapuliza na juu mbao zinapokutana na mabati. Likavimba, likakauka vizuri. Mke wangu akauliza, "Una hakika wametoka?" Nikacheka. (Wewe unayecheka sasa, nakuona.)

Jumapili, mama mkwe mezani, samaki sambaza wa moto, bugali. Tukasikia kru, kru, kru. Nikasema ni upepo. Kru. Mama mkwe akaacha kutafuna, akageukia sinki. Povu likaanza kutikisika. Kikatoka kipande cha njano, kikaanguka sakafuni. Kisha pua. Kisha sharubu zimejaa chembe za njano kama mtoto aliyekula keki ya harusi. Akatutazama mmoja mmoja, hana haraka. Alikuwa amekesha ndani ya mbao za ukuta, nje nimemfungia, njia iliyobaki ni jikoni. Akashuka, akapita chini ya meza, na mkia wake ukanipangusa mguu. Hapo ndipo kiti.

Mama mkwe akavua kandambili moja. Sielezi zaidi.

Jumatatu fundi akaja, akabonyeza povu kwa kucha, likabonyea. "Hii ni ya kuzuia upepo, Papa. Panya anaikata kama mkate." Akalikwangua lote, akashindilia sponji ya chuma ya kusugulia sufuria kuzunguka bomba, ikakaza, ndipo akapaka simenti na mchanga juu yake. Simenti peke yake, kabla haijakauka, panya anaifukua usiku huohuo. Juu akapigilia waya wa matundu madogo kuliko kidole cha mtoto, na kwenye mfereji akaweka kichujio cha chuma.

Ila tundu moja akaliacha wazi kwa makusudi, ili waliomo ndani watoke, akanyunyiza unga mbele yake. Usiku wa kwanza, nyayo zinaelekea nje. Usiku wa pili, zinatoka na kurudi, tukaweka mtego. Siku tatu mfululizo unga ukabaki laini, ndipo akaliziba.

Jana mama mkwe katuma kifurushi na mtoto wa jirani. Sponji za chuma 6, na kandambili moja.