Kabla ya kuhesabu pesa, hesabu nyanya

Kila pesa zinapopungua mezani, macho humwendea aliyeshinda na kopo la pesa. Naona hapo ndipo ushirika mwingi wa sokoni unapovunjika bure, kwa sababu kopo ni mahali pa mwisho pa kutafuta. Chukua kisa kifupi cha wanawake wawili wanaouza nyanya kwa ushirika katika soko la Kongowea, Mombasa. Ni cha kubuni, lakini hesabu yake haitamshangaza mtu wa soko.

Mmoja tumwite wa alfajiri. Huamka usiku, huenda upande wa jumla malori yanaposhusha mzigo, hupatana bei na madalali na kumlipa hamali. Mwenziwe, wa mezani, huuza rejareja mpaka jioni. Faida hugawana nusu kwa nusu. Siku hiyo ni ya kaskazi, joto kali. Makreti mawili ya nyanya yamenunuliwa kwa 4,500 kila moja, na yote mawili yana kilo 120. Kilo inauzwa shilingi 100. Kwenye kopo wameanza na chenji ya 1,000.

Jioni wa alfajiri anapiga hesabu ya kichwani: kilo 120 ni 12,000, ongeza chenji, 13,000. Kopo linamwagwa juu ya leso na kuhesabiwa: 9,150.

"Mwenzangu, elfu tatu mia nane na hamsini zi wapi?"

"Waniona mwizi?"

Hapo kisa kingeweza kwisha, na mara nyingi ndivyo kinavyokwisha. Kosa la hesabu ile ni kwamba inachukulia kila kilo iliyonunuliwa imeuzwa kwa bei kamili na kulipwa taslimu. Hakuna siku kama hiyo katika biashara ya nyanya, na kwenye joto la kaskazi ndiyo haipo kabisa.

Anza na mzigo. Nyanya za chini ya kreti hubeba uzito wa zote zilizo juu, kwa hivyo kilo 4 zimepasuka na kutupwa. Nyingine 10 zimelainika, zikauzwa kwa mama wa hoteli kwa 50 kilo, kwa hivyo hapo zimepungua 500. Kisha kuna nyongeza. Hakuna mteja wa Mombasa anayeondoka bila kusema "niongeze basi", na nyanya moja ndogo kwa wateja sitini hivi ni kama kilo 4. Haiandikwi popote kwa sababu hakuna anayeiona kuwa ni mali. Mwisho, kilo 9 bado ziko mezani chini ya gunia. Jumla, 2,200 hazikuwahi kuwa pesa siku ile.

Sasa pesa zenyewe. Wateja wachache wamelipa kwa simu, 700, na zimeingia kwenye laini ya wa mezani, ile ile anayopokelea salamu na karo za watoto. Muuza chipsi amechukua kilo 4 kwa deni, 400. Tikiti ya kaunti, mifuko, maji na chai vimekula 350 kutoka kopo lile lile. Hizo ni 1,450.

Ukijumlisha umefika 3,650. Kisichojulikana kiliko ni shilingi 200. Huenda jirani aliazima chenji akasahau, au noti ilirudishwa kimakosa, au wa mezani alilipa mchezo wake wa kuchangiana pesa akisema atairudisha kesho. Hizo mia mbili ni haki kuziulizia. Lakini kumshtaki mtu kwa 3,850 wakati swali ni la 200 ni kumvunjia heshima mbele ya soko zima, na neno "mwizi" likishatoka halirudi kinywani.

Kuna upande wa pili ambao watu hawapendi kuugusa. Wa mezani anahesabiwa kila jioni, je, wa alfajiri anahesabiwa lini? Bei ya jumla hupatanwa kwa mdomo, gizani, na mara nyingi bila risiti. Akinunua kreti kwa 4,300 akasema 4,500, makreti mawili yamempa 400, na kopo halitaonyesha lolote. Faida itaonekana ndogo tu, na lawama itaangukia mauzo. Simsemi wa alfajiri wa kisa hiki kuwa alifanya hivyo. Nasema tundu lake ni kubwa kuliko la kopo na halina mlinzi. Dawa yake si ngumu: amlipe dalali kwa simu badala ya taslimu, ujumbe ubaki na kiasi na saa, au siku moja moja wabadilishane zamu bila kutangaziana. Kreti nalo lipimwe likifika mezani, kwa sababu makreti ya mbao hayalingani, na dalali anajua lipi limejazwa mpaka juu na lipi lina hewa chini.

Daftari la kutosha kwa meza kama hii ni ukurasa mmoja kwa siku. Asubuhi huandikwa chenji na kilo zilizoingia. Mchana huandikwa deni na matumizi pale pale yanapotokea, si jioni kwa kukumbuka. Jioni hupimwa kwanza zilizobaki na zilizoharibika, ndipo kopo lifunguliwe, wote wawili wakiwepo. Zilizotupwa zisitupwe kabla ya mwenzio kuziona kwenye mizani, maana neno "zimeoza" ndilo kificho rahisi kuliko vyote. Malipo ya simu yaingie kwenye laini au tili ya biashara peke yake. Kama bado hawana, wasome pamoja ujumbe wa M-Pesa kuanzia saa ya kufungua mpaka ya kufunga. Kutoa simu ya mtu mkononi ukaisoma peke yako ni ugomvi mwingine.

Utajuaje kama ni fujo au ni wizi? Fujo hutangatanga. Leo zinapungua 200, kesho zinazidi 150 kwa sababu mtu alilipa deni halikuandikwa. Siku pesa zikizidi watu hufurahi na kufunga kopo, nao ingefaa waulize vilevile. Wizi hauzidi kamwe. Hupungua kwa kiasi kinachokaribiana, na hasa siku za mauzo mazuri, ambapo pengo halionekani kwa haraka. Wiki mbili za ukurasa ule zinatosha kuonyesha tofauti. Na zamu zikibadilishwa, pengo likimfuata mtu badala ya meza, jibu umelipata.

Wa kisa chetu hawakuwa na ukurasa wowote. Usiku ule wa mezani alituma zile 700 bila neno. Asubuhi wa alfajiri alinunua kreti moja badala ya mawili na hakusema kwa bei gani. Wa mezani naye akaanza kufunga noti kwenye pindo la leso, akitoa jioni kiasi alichoona kinatosha, na kuanzia hapo kila mmoja alikuwa kweli anamficha mwenziwe. Kabla ya wiki kwisha waligawana: mmoja mizani, mmoja mwavuli na nusu ya meza, ubao umepigwa msumari katikati.

Siku ya tatu baadaye muuza chipsi alikuja na 400 zake mkononi, akasimama mbele ya ule ubao, akauliza ampe nani.