"Fundi, Wewe Unganisha Tu"

Jamani, nina mteja mwimba taarabu, anataka kava la wimbo wake mpya. Kanichorea nyuma ya risiti ya luku: tumbo la jahazi juu, viboksi chini. "Hii Kariakoo, hili jahazi linapaa, na mimi nimekaa ndani na gauni langu. Picha zimejaa mtandaoni, fundi, wewe unganisha tu."

Unganisha tu!

Mchoro wenyewe unasema tumbo la jahazi linaonekana. Basi sisi watazamaji tuko barabarani, shingo juu, na kila picha lazima iwe imepigwa kutoka chini. Haya, nitafutie jahazi la hivyo. Yote ya mtandaoni yanaelea majini, yamepigwa na mtalii aliyesimama ufukweni, usawa wa macho. Ukilipandisha hilo juu ya ghorofa, mtu hatajua kinachomkera nini, ila ataona stika. Hapo usubiri maji yapwe chombo kilale mchangani, au uende wanakoyaunda, kama Nungwi, uchuchumae karibu na mkuku upige ukitazama juu. Nauli ya boti haimo kwenye advansi, nimeangalia.

Bado jua. Maghorofa yangu yamemulikwa kushoto, jahazi nililolipata limemulikwa kulia. Nikigeuza mtaa, mabango yote ya maduka yanasomeka kinyumenyume. Nageuza jahazi. Nalo lina jina ubavuni! Afadhali hilo, jina moja nalifuta. Mabango ya Kariakoo nani atayamaliza?

Leya, yaani tabaka za picha zinazolazwa moja juu ya nyingine, ndizo huwa napanga kwa namba kwenye karatasi kabla ya kuwasha kompyuta. Chini kabisa anga, kisha mawingu, kisha jahazi, na maghorofa yanakaa juu ya jahazi. Hapo mteja akang'aka: "Unanifichia chombo changu!" Dada yangu, paa likikata kidogo mkuku, jicho linajua jahazi liko mbali, kwa hiyo ni kubwa. Likikaa mbele ya kila kitu linakuwa la kuchezea watoto. Halafu nalipausha kidogo, maana cha mbali hakikolei weusi kama cha karibu.

Yeye mwenyewe nimemweka katikati ya jahazi, ndiyo maana jahazi nimelikata leya mbili: ubavu wa mbali nyuma yake, ubavu wa karibu mbele yake. Safi kabisa. Sasa hesabu: tunaangalia kutoka chini, ubavu wa karibu uko mbele, na yeye amekaa. Anaonekana nini? Kilemba. Akisimama ukingoni, tunampata kuanzia kifuani.

Nikampigia, nikamwambia achague: tumbo la jahazi, au gauni.

"Vyote. Gauni mpaka viatu, nimevinunua kwa ajili ya kava."

"Dada, mbao zinakuziba."

Akanyamaza kidogo. "Basi toa mbao moja."