Komando hachaguliwi kwa misuli jamani

Watu wengi wakisikia kikosi maalumu wanawaza jamaa mwenye kifua kama mlango, mimi nasema hapana, angalieni mchujo wa SAS ya Uingereza kwenye milima ya Wales ndo mtaelewa. Pale hakuna anayekufokea. Unapewa begi, ramani na dira, unaambiwa nenda pointi fulani, unatembea peke yako, ukifika unapewa pointi nyingine na mkufunzi hakwambii umechelewa au uko vizuri, uso mkavu tu. Matembezi ya mwisho ni kama kilomita 64 na begi la kilo 25 hivi, maji na bunduki havimo kwenye hizo kilo, na muda ni kama saa 20. Nguvu unahitaji ndio, ila kinachopimwa hasa ni kichwa, yaani ukungu umeshuka, miguu imechubuka, hakuna wa kukusukuma, je bado unasoma ramani vizuri au unaanza kufuata njia yoyote iliyo mbele yako? Wengi wanajitoa wenyewe.

Na huo ugumu una gharama, Julai 2013 wanajeshi watatu wa akiba walikufa baada ya matembezi ya namna hiyo siku ya joto kali. Mtu aliyefundishwa kutokata tamaa hasemi naumwa, kwa hiyo wa kumsimamisha ni msimamizi, hapo lawama naiweka kwa wasimamizi moja kwa moja.

Sasa kwa nini wanatafuta mtu wa hivyo? Chukua Entebbe, uwanja wa ndege wa Uganda ambako watekaji wa ndege walikuwa wanashikilia mateka, usiku wa kuamkia 4 Julai 1976. Makomando wa Israeli wameruka zaidi ya kilomita 3,500 kuja kuwaokoa, timu ya kuvamia jengo ni watu kama 30 tu, wanakuja na Mercedes nyeusi ili walinzi wadhani ni msafara wa mkubwa. Kabla hawajafika jengoni askari wawili wa Uganda wanawashtukia, risasi zinalia, ujanja wa gari umekufa hapo hapo. Muda kidogo tu kamanda wao Yonatan Netanyahu anapigwa risasi nje ya jengo. Kikosi cha kawaida kingeweza kusimama kungoja amri, hawa waliendelea kukimbilia milangoni maana kila mmoja alishajua mlango wake. Mateka 102 kati ya 106 wakatoka hai.

Ungepeleka watu elfu mbili ungeshindwa, maana ndege tu za kuwabeba zingeonekana mapema na watekaji walihitaji dakika chache kuua watu wote. Ila udogo huo huo una shida yake, Wamarekani mwaka 1980 walipeleka helikopta 8 kule Iran kuokoa mateka wao waliokuwa Tehran, wakahitaji angalau 6 nzima, zikabaki 5, misheni ikafutwa jangwani hata Tehran hawajaiona. Wakati wa kuondoka helikopta moja ikagonga ndege, wakafa 8, na hakuna adui aliyefyatua hata risasi moja.