Bajeti Ikikatwa, Wafanyakazi Wapewe Tarehe

Wiki hii limezunguka kwenye simu zetu hapa Kisumu tangazo la ofisi moja ambayo siitaji. Linaanza kwa "familia yetu pendwa", linaendelea na "marekebisho ya kimkakati yatakayoboresha ufanisi", na linamaliza kwa kuwahakikishia wafanyakazi kwamba hakuna sababu ya wasiwasi. Hakuna kiasi cha pesa, hakuna tarehe, hakuna jina la aliyeamua. Rafiki yangu anayefanya kazi pale alilisoma akiwa kwenye matatu, na kabla hajashuka Kondele alikuwa ameshaniuliza kama nimesikia nafasi popote.

Tangazo hilo limeniuma kwa sababu sisi wa huku tumeshapigwa. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na siku chache baadaye miradi ikaanza kuamriwa isimamishe kazi. Kisumu, Siaya, Homa Bay, Busia: karibu kila familia ina mtu aliyekuwa akila kupitia mradi wa ukimwi, wa malaria au wa maji. Watu wa namna hiyo ukiwaambia wasiwe na wasiwasi, wanajua mara moja kwamba kuna unachoficha.

Sasa niseme ninachokijua, kwa maana kazi yangu ni kuandikia ofisi barua na matangazo. Meneja mmoja wa shirika dogo la afya ya jamii, mama ninayemwita dada kwa heshima, alinitumia jumbe za WhatsApp alizokuwa akimwandikia mhasibu wake usiku, akaniomba nizigeuze ziwe tangazo rasmi kwa wafanyakazi wake 22. Alitaka liwe la Kiswahili, ili dereva na mlinzi wasome wenyewe bila kungoja mtu awafasirie. Ameniruhusu nizieleze, mradi nisimtaje.

Jumbe zenyewe zilikuwa hivi: "Mfadhili amenipigia leo. Kuanzia Julai ni asilimia 30 chini. Barua bado." Halafu: "Mei na Juni ziko benki. Julai sitaki hata kuifikiria." Halafu: "Safari za fildi nazikata, na lile gari la kukodi lirudi, hilo nimeamua." Halafu, saa tano usiku: "Labda watu wanne waende. Au watano. Siaya nayo sijui." Na wa mwisho, ambao ndio uliomnyima usingizi: "Yule dada wa mapokezi ameniambia anaomba mkopo kwenye chama cha ushirika. Nitamtazamaje? Au niseme tu tuko sawa hadi bodi ikae?"

Kila mtu aliyeombwa ushauri kabla yangu alimwambia aondoe hofu yote, abakize maneno ya heshima. Mimi napinga, na nitapinga mpaka nichoke. Ndani ya hofu ya meneja huyu mlikuwa na habari zote ambazo wafanyakazi wanazihitaji. Ukiikwangua hofu yote, unaziondoa habari hizo pia, na kinachobaki ni kama lile tangazo la "familia pendwa". Kazi ya mwandishi ni kuchukua kila sentensi ya usiku na kuiuliza: hili linajulikana, limeamuliwa, halijaamuliwa, au ni la kuogopwa tu? Yanayojulikana yaandikwe kama yalivyo, pamoja na yalikotoka. Yaliyoamuliwa yatajwe na aliyeyaamua. Yasiyoamuliwa yapewe tarehe ya kuamuliwa. Na la kuogopwa lisitupwe kabla hujatazama kama kuna mtu linayemhusu.

Chukua ule ujumbe wa mkopo. Huwezi kuuweka kwenye tangazo, kwa sababu ni siri ya mtu. Lakini humo ndimo lilimokuwa jambo zito kuliko yote: kuna mtu anayekaribia kutia saini deni la miaka mitatu akitegemea mshahara ambao meneja wake hana hakika nao. Ukinyamaza hadi bodi ikae, unamwacha aingie shimoni ukimtazama. Kwa hiyo jina liliondolewa, sababu ya ujumbe ikabaki, na ikageuka kuwa sentensi inayowafaa watu wote 22.

Ule wa "wanne au watano" ndio ulioniweka kwenye ubishi mrefu. Dada alitaka aidha aitaje idadi hiyo, kwa sababu hataki kudanganya, au aandike kwamba hakuna atakayepoteza kazi, kwa sababu hataki kuwatisha. Yote mawili ni makosa. La pili ni uongo tu. La kwanza linaonekana kama ukweli lakini silo, maana wakati ule idadi ilikuwa makisio ya saa tano usiku, na ikishaandikwa kwenye karatasi yenye mhuri, watu wanaanza kuhesabiana nani ni wa nne na nani ni wa tano.

Tena kuna sheria. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema mwajiri anayepunguza wafanyakazi lazima ajulishe chama chao cha wafanyakazi na afisa wa kazi, angalau mwezi mmoja kabla, sababu na ukubwa wa upunguzaji huo. Asiye kwenye chama anaandikiwa yeye binafsi. Kuchagua nani aende kunapaswa kuzingatia muda wa mtu kazini, ujuzi, uwezo na kutegemeka kwake. Halafu, mbali na taarifa hiyo, kila anayeondoka anastahili notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi badala yake, siku zake za likizo kwa fedha taslimu, na malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Tangazo la jumla halichukui nafasi ya barua hizo. Na likitaja idadi kabla ya kushauriana na watu, wakili wa mfanyakazi atalisoma mahakamani kama ushahidi kwamba uamuzi ulishapita na mashauriano yalikuwa ya kutimiza wajibu tu. Hapo wanasheria wanaosema "andika machache" nawakubalia, ingawa shingo upande, kwa sababu wengi wao hulitumia neno hilo kuhalalisha ukimya mtupu.

Hesabu ya kifungu hicho ilimfungua macho dada kuhusu Julai pia. Bodi yake inakaa Ijumaa tarehe 23 Mei. Hata ikiamua siku hiyo na taarifa zikatoka Jumatatu tarehe 26, mwezi wa taarifa unaisha tarehe 26 Juni. Ukipanga notisi ya pili baada ya hapo, ambayo ndiyo njia salama, unafika mwishoni mwa Julai. Tena aliyefanya kazi miaka sita kwa mshahara wa shilingi 42,000 anadai siku 90, yaani karibu shilingi 126,000 ukigawa mwezi kwa siku 30. Kupunguza watu ili kuokoa bajeti ya Julai ni ndoto. Pesa ya kuwaondoa inatoka kwanza. Alipoliona hilo, akaanza kutazama matumizi mengine kwa bidii zaidi.

Tangazo lililotoka Jumatatu tarehe 12 Mei ni hili, nimeondoa tu yanayolitambulisha shirika:

"Kwa wafanyakazi wote.

Jumanne tarehe 6 Mei mfadhili wetu mkuu alinijulisha kwa simu kwamba fedha za mwaka unaoanza Julai zitapungua kwa takriban asilimia 30. Barua rasmi haijafika, kwa hivyo kiwango hicho kinaweza kubadilika.

Mishahara ya Mei na Juni ipo na italipwa siku ya kawaida. Kuhusu mapato ya baada ya Juni, kwa sasa siwezi kumthibitishia mtu yeyote. Kama unapanga kuchukua mkopo au kuingia mkataba wa muda mrefu, tafadhali lizingatie hilo.

Nimeamua mambo mawili. Kuanzia wiki ijayo safari za fildi zitakuwa mbili kwa wiki badala ya nne, na gari la kukodi tutalirudisha mwisho wa Mei.

Mambo mawili hayajaamuliwa: kama ofisi ya Siaya itaendelea, na kama nafasi za kazi zitapunguzwa. Bodi itayajadili Ijumaa tarehe 23 Mei. Siwezi kuahidi kwamba hakuna nafasi itakayoguswa. Ikiwa upunguzaji utapendekezwa, tutashauriana nanyi kwanza na kufuata Sheria ya Ajira kuhusu notisi na malipo.

Mwenye wazo la mahali pengine pa kupunguza matumizi aniletee kufikia Jumatatu tarehe 19, nami nitaliwasilisha kwa bodi. Jumatano kuanzia saa nane mchana nitakuwa ofisini kwa maswali, na Alhamisi nitakuja Siaya. Jumatatu tarehe 26 Mei nitawaandikia tena."

Tazama "nimeamua" pale kwenye safari na gari. Rasimu ya kwanza ya mhasibu ilisema "imeonekana vyema kupunguza safari". Imeonekana na nani? Mhamasishaji wa jamii anayepoteza marupurupu ya siku mbili kila wiki ana haki ya kujua ni mlango gani abishe.

Samahani ya meneja, uchungu wake, usiku asiolala, hayo hatukuyaweka. Atayasema kwa mdomo Jumatano akiulizwa. Kwenye karatasi yangewafanya wafanyakazi wamfariji yeye. Jina la mfadhili nalo liliachwa mpaka barua ifike, na sina ugomvi na hilo. Na watu wa Siaya walipelekewa tangazo saa ile ile na wa Kisumu, kwa sababu kusikia habari za ofisi yako kutoka kwa mwenzako wa mjini ni dharau.

Kitakachonionyesha kama tangazo hili lilikuwa la kweli ni tarehe 26. Bodi zetu nazijua: akidi inakosekana, mwenyekiti yuko safarini, kikao kinasukumwa. Hata hivyo barua itoke siku hiyo, hata ikiwa na mistari mitatu: bodi haikuamua, sababu ni hii, tarehe mpya ni hii. Nimemwambia dada aandike rasimu ya barua hiyo sasa hivi, kabla ya kikao, angali ametulia.