Logi, makundi au kipeo cha pili: viwanja vya Dodoma mbele ya modeli ya mstari

"Nina data ya viwanja vya Dodoma. Vingi ni vidogo, vichache ni vikubwa mno, na bei ziko hivyohivyo. Nataka kutumia modeli ya mstari. Nichukue logi, nigawe kwenye makundi, au niongeze kipeo cha pili?"

Kwanza tuondoe dhana iliyozoeleka: hakuna sharti kwamba kila safu ya data iwe na umbo la kengele. Safu yenye mkia mrefu, yaani yenye thamani chache kubwa mno kuliko nyingine, inaweza kuingia kwenye modeli ya mstari bila madhara yoyote. Tatizo huanza pale mkia unapoleta moja kati ya mambo mawili: nukta chache kuvuta mstari mzima upande wao, au makosa ya makadirio kuwa makubwa kadiri bei inavyopanda. La kwanza linatoka kwenye ukubwa wa kiwanja, la pili kwenye bei. Ni magonjwa mawili tofauti, na dawa tatu ulizotaja haziyatibu kwa namna moja.

Tuanze na la kwanza. Chukua viwanja vinane vya mfano, kwa mita za mraba: 400, 500, 600, 800, 1,000, 1,500, 3,000 na 20,000. Hicho cha mwisho ni karibu ekari tano. Nguvu ya kila nukta ya kuvuta mstari hupimwa kwa namba kati ya 0 na 1. Ikikaribia 1, mstari unalazimika kupita pale ilipo nukta hiyo, zilizobaki zipende zisipende. Hesabu yake ni fupi:

```python
import numpy as np
x = np.array([400, 500, 600, 800, 1000, 1500, 3000, 20000.])

def mvuto(z):
    d = (z - z.mean())**2
    return 1/len(z) + d/d.sum()

for z in (x, np.log(x), x**2):
    print(mvuto(z)[-1])
```

Kwa mita za mraba zenyewe, kiwanja cha ekari tano kinapata 0.986. Maana yake, mteremko wa mstari wako unaamuliwa na muuzaji mmoja. Ukichukua logi, mvuto unashuka hadi 0.777. Bado ni mkubwa, lakini sasa vile saba vingine vina sauti. Ukitumia kipeo cha pili cha eneo, unapanda hadi 0.9996. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa: wanaona nukta zinapinda kwenye grafu, wanaongeza kipeo cha pili, na mchoro unakaa vizuri kweli. Unakaa vizuri kwa sababu mkono wa kulia wa mpindo umefungwa kwenye nukta moja. Iondoe nukta hiyo, kadiria upya, na mpindo unaweza kugeukia upande mwingine kabisa. Jaribio hilo ni la dakika moja, na ningelifanya kabla ya kutazama kipimo kingine chochote.

Makundi nayo yanategemea mipaka umeikata vipi. Ukigawa safu hiyo kwa mapana sawa manne, kila kundi linakuwa na upana wa mita 4,900: kundi la kwanza linabeba viwanja saba, mawili ya katikati hayana kitu, la mwisho lina kimoja. Ukigawa kwa idadi sawa, kila kundi linapata viwanja viwili, ila la mwisho linakiweka cha mita 3,000 pamoja na cha 20,000 na kuvipa makadirio yaleyale ya bei. Njia ya kwanza inapoteza tofauti za viwanja vidogo, ambako data yako imejaa. Ya pili inafuta tofauti za vikubwa. Katika `KBinsDiscretizer` ya maktaba ya scikit-learn uchaguzi huo ni neno moja tu, `strategy="uniform"` au `strategy="quantile"`, na kwa data yenye mkia neno hilo linabadilisha majibu kuliko watu wanavyodhani.

(Pembeni kidogo: huenda kile cha ekari tano si kiwanja bali ni shamba, na mnunuzi wake ni mtu mwingine mwenye mahesabu mengine. Kama ndivyo, kitoe kwenye data na useme umekitoa. Logi haigeuzi soko la mashamba kuwa soko la viwanja.)

Sasa ugonjwa wa pili, wa bei. Dalali anayekosea bei ya kiwanja cha Nala, pembezoni mwa mji, hukosea kwa laki kadhaa. Akikosea ya Area C, karibu na katikati, anakosea kwa mamilioni. Kwa asilimia, makosa hayo mawili huenda yanalingana. Hapa ndipo logi ya bei ina hoja yake nzito: inafanya modeli ipime makosa kwa uwiano badala ya shilingi. Utaitambua hali hii ukichora mabaki, yaani bei halisi ukitoa makadirio, dhidi ya makadirio yenyewe. Yakifunguka kama feni kuelekea kulia, na feni hiyo ikafunga ukishachukua logi ya bei, basi logi ilistahili. Isipofunga, au ikageuka ikafungukia kushoto, umelazimisha. Kugawa eneo kwenye makundi au kuongeza vipeo hakufungi feni hiyo, kwa kuwa dawa hizo zinagusa upande wa vigeu na kuiacha bei kama ilivyo.

Ukichukua logi ya bei na ya eneo pia, namba inayotoka inasomeka kirahisi. Tuseme mteremko wa logi ya eneo ni 0.7. Eneo likiongezeka maradufu, bei inazidishwa kwa 2 kwa kipeo cha 0.7, yaani takribani 1.62. Kiwanja kikubwa ni ghali zaidi kwa jumla, lakini kwa kila mita ni nafuu. Yeyote aliyewahi kununua kiwanja anajua hivyo, na modeli inayosema kinyume chake ningeishuku mapema.

Je, kipeo cha pili hakina kazi? Kinayo, pale ambapo kuna kilele au bonde la kweli na nukta za kutosha pande zote mbili. Bei na umbali kutoka katikati ya mji huonekana kama mfano mzuri, kisha Dodoma inauharibu. Fuata barabara ya Morogoro kuelekea mashariki: ukitoka mjini ungetegemea bei ishuke, halafu karibu na Mtumba, ulipo Mji wa Serikali, ipande tena. Kipeo cha pili cha umbali kitalichora bonde hilo bila shida. Lakini mchoro wa kipeo cha pili ukishaanza kupanda haurudi. Ukiuendeleza kupita Mtumba hadi Buigiri, Mbande na Kibaigwa, utakuambia Kibaigwa ni ghali kuliko mjini. Na ukiutumia upande wa magharibi, utapandisha bei za huko kwa sababu ya wizara zilizo mashariki. Tatizo halikuwa mpindo. Ni kwamba sasa mji una vivutio viwili. Safu mbili, logi ya umbali kutoka mjini na logi ya umbali kutoka Mtumba, zinasema jambo hilo bila kipeo chochote.

Mfano wa haki zaidi kwa kipeo cha pili ni mvua na mavuno ya mtama: mvua kidogo inaua, ya kiasi inastawisha, ya kupindukia inaharibu. Hata hapo ukumbuke mvua za kanda ya kati ni haba. Miaka ya mvua nyingi mno, kama msimu wa El Niño wa 1997/98, ni ya kuhesabika, na mkono wa kulia wa mpindo utaning'inia juu yake. Ikiwa kigeu kina mkia na pia kinapinda, chukua logi kwanza, ndipo uongeze kipeo cha pili cha hiyo logi. Ukianza na kipeo, unaurefusha mkia uliotaka kuufupisha.

Watetezi wa makundi wana hoja mbili ambazo sizipuuzi. Ya kwanza ni sifuri. Kaya nyingi za Bahi au Chamwino zinaweza kuwa hazina ng'ombe hata mmoja, na logi ya sifuri haipo. Watu hukimbilia `np.log1p`, inayoongeza 1 kabla ya logi. Kwa idadi ya ng'ombe hilo linavumilika, kwa fedha ni mtego, kwa kuwa jibu linategemea kipimo. Mapato ya 0, 50,000 na 5,000,000 yakiwa kwa shilingi yanakuwa 0, 10.8 na 15.4: mruko mkubwa ni kati ya asiye na kitu na mwenye kidogo. Yaandike kwa mamilioni, yanakuwa 0, 0.05 na 1.79, na mruko umehamia juu. Data ni ileile, modeli mbili. Kundi la "hana" likitengwa kwa safu yake ya 0 na 1, na wenye nacho wakachukuliwa logi, utata huo unaisha.

Hoja ya pili ni ngazi za kweli. Kiwanja kina hati au hakina. Kimepimwa au hakijapimwa. Pale mpaka unapowekwa na sheria, makundi ni uaminifu kwa data. Ila si kila mpaka wa sheria ni ngazi. Kodi ya mshahara Tanzania Bara haitozwi hadi 270,000 kwa mwezi, na anayezidi hapo hutozwa kwa kile kilichozidi tu. Kinachobadilika pale ni mteremko. Ukikata makundi, unaweka mruko ambao mfanyakazi hauoni mfukoni. Safu ya `np.maximum(0, mshahara - 270000)` ndiyo inayofuata umbo lenyewe.

Kwa viwanja vyako, basi, ningeanza na logi ya bei, ya eneo na ya umbali wote wawili, nikaongeza hati kama safu ya 0 na 1, na kipeo cha pili ningekiacha mpaka mabaki yakionyesha mpindo usiotegemea nukta moja. Usilinganishe R² ya modeli ya logi na ya modeli ya shilingi. Kila moja inapima kitu chake. Rudisha makadirio kwenye shilingi, uyapime kwa viwanja ambavyo modeli haikuviona.

Na katika kurudisha huko kuna jambo la mwisho. Mabaki ya logi yakiwa na umbo la kengele, ukitumia `np.exp` peke yake unapata bei ya katikati, ile ambayo nusu ya viwanja vya aina hiyo viko chini yake, si wastani. Ili kupata wastani unazidisha kwa `exp(s²/2)`, ambapo `s` ni mkengeuko sanifu wa mabaki hayo. Ikiwa `s` ni 0.6, kizidisho ni karibu 1.2, kwa hiyo kiwanja kilichokadiriwa milioni 10 kina wastani wa kama milioni 12. Kwa mnunuzi mmoja anayeuliza bei ya kawaida, milioni 10 ni jibu sahihi. Kwa anayejumlisha thamani ya viwanja mia tano, kuacha kizidisho hicho ni kupunguza jumla nzima kwa takribani sehemu moja ya sita.